Nimeachishwa kazi hotelini, likizo wananilipa siku 9 tu. Barua ya kudai zilizobaki naiandikaje?

FundiTaa

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mimi ni fundi umeme, nilikuwa kwenye hoteli moja ya ukanda wa mashariki hapa Unguja, jina nalifunika. Nilianza 1 Julai 2022 na siku yangu ya mwisho ilikuwa 31 Oktoba 2024. Notisi nimeitumikia yote na mshahara wa Oktoba umeingia. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi uko kwenye likizo. Mkataba wangu unasema siku 28 mfululizo kila mwaka, na siku za mapumziko zimo humo humo, kwa malipo kamili. Mwaka wa kwanza nilizichukua zote. Mwaka wa pili nikachukua 12 tu, Septemba 2023. Mwaka huu wa tatu sijagusa hata moja. Sasa jana nimeitwa kusaini karatasi ya malipo ya mwisho, nakuta kimstari kimoja: "Likizo siku 9, 156,000." Nikauliza zile 16 za mwaka wa pili ziko wapi. Afisa utumishi akanambia, "Si mulikaa nyumbani hoteli ilipofungwa kwa masika? Ile ndiyo likizo yenu."

Mshahara wangu ni 520,000 ya msingi na 65,000 ya nyumba, jumla 585,000. Sijasaini. Chini ya ile karatasi pameandikwa "sina madai mengine yoyote," hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nataka nipeleke barua yenye hesabu inayosomeka, siku ngapi na kila siku shilingi ngapi, lakini kila nikipiga napata jibu jengine. Nisaidieni.

MtuWaMrima

Umeonewa kaka, na hesabu yake nyepesi. Sheria inasema siku moja ya likizo kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Julai hadi mwisho wa Oktoba ni siku 123, gawa kwa 13 unapata 9 na nusu hivi. Ongeza na zile 16. Mshahara ugawe kwa 26, maana mwezi una siku 26 za kazi: 585,000 kwa 26 ni 22,500 kwa siku. Ukizidisha unapata laki tano na sabini na kitu. Wakikataa nenda CMA ukawafungulie, watalipa wenyewe.

Mpemba wa Wete

Kijana, usisahau kiinua mgongo chako! Mimi duka nililokuwa nafanyia kazi lilipofungwa nilihangaika na ZSSF mpaka viatu vikaisha soli, kumbe tajiri michango ya miezi kadhaa hakuipeleka. Kwanza kahakikishe michango yako imo yote. Hizo siku 9 ni vijisenti.

FundiTaa

Ahsante mzee wangu, lakini ZSSF nimeshaangalia, michango imo. Swali langu ni la likizo tu.

Mpemba wa Wete

Haya. Mimi nilidhani wanakunyima mafao.

Bi Mkokotoo

Mwanangu FundiTaa, kwanza umefanya vyema kutosaini. Nimekaa na mishahara ya hoteli miaka 19, na hicho kimstari cha "sina madai mengine" nimekiona kikiwaziba watu midomo kuliko kitu chengine chochote. Kama ulikuwa umeshasaini nisingekuwa na mengi ya kukwambia.

Kabla sijaingia kwenye hesabu, niseme kwa ndugu yetu wa Mrima. Hiyo ya siku moja kwa kila siku 13 ni ya sheria ya Bara, Na. 6 ya 2004, na CMA nayo ni ya Bara. Ajira si jambo la Muungano. Sisi huku tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Na. 1 ya 2005, na mgogoro unakwenda Kamisheni ya Kazi, kwenye kitengo chao cha kushughulikia migogoro, kisha ukishindikana Mahkama ya Kazi. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kuona barua nzuri kabisa ya mpishi mmoja imerudishwa na mwajiri kwa sentensi moja: "Sheria uliyoitaja haitumiki Zanzibar." Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini aliazima kifungu cha ng'ambo, wakapata pa kushikia. Ukiandika barua shikilia mkataba wako kwanza. Umeusaini wewe na wao, hawawezi kusema hawaujui.

Sasa siku. Mkataba unakupa 28 kwa mwaka, na mwaka wako wa likizo unaanza Julai kwa sababu uliajiriwa Julai. Mwaka wa kwanza umemaliza, tuuache. Mwaka wa pili 28 toa 12, zimebaki 16. Mwaka wa tatu umefanya miezi minne kamili: 28 gawa kwa 12 mara 4, unapata siku 9 na theluthi moja. Jumla siku 25 na theluthi. Wao wameandika 9 kamili, hiyo theluthi wameikata kama mkia wa dagaa. Ni shilingi elfu kadhaa, lakini ni yako.

Ujira wa siku nitaurudia usiku, watu wengi wanapotea hapo. Nipe kwanza mambo mawili: tangazo la kufunga hoteli liliandikwaje hasa, neno kwa neno, na mshahara wa Aprili na wa Mei uliingia kiasi gani?

FundiTaa

Shikamoo Bi. Tangazo ninalo, nililipiga picha ukutani. Ni la tarehe 12 Aprili 2024, Ijumaa ile baada ya Sikukuu. Nanukuu: "Kwa kuwa msimu wa wageni umekwisha, hoteli itafungwa kuanzia Jumatatu 15 Aprili. Wafanyakazi wote wasio walinzi watakaa nyumbani hadi watakapoitwa." Basi. Tuliitwa tarehe 1 Juni.

Aprili waliingiza 585,000 kamili. Mei 292,500, nusu.

Shuwari

Samahani naingilia. Mimi bado nipo kazini, kwenye hoteli pia, nina siku 20 zimelala. Naweza kuwaambia wanilipe pesa badala ya kwenda likizo? Nina ada ya skuli ya mtoto Januari.

Bi Mkokotoo

Marahaba mwanangu Fundi.

Shuwari, lako ni jengine. Likizo ukiwa bado kazini ni ya kupumzika. Mwajiri halazimiki kukununulia siku zako, na anayekubali kila mwaka hatimaye anakufanya usipumzike kabisa. FundiTaa analipwa pesa kwa sababu hana tena kazi ya kupumzikia. Omba siku zako kwa maandishi, na wakikunyima hifadhi jibu lao. Utakuja kulihitaji.

Sasa ujira wa siku. Ndugu wa Mrima amegawa kwa 26, mwajiri amegawa kwa 30, na kila mmoja anaapa yeye ndiye sahihi. Mimi nasema siku ya likizo na siku ya mshahara lazima ziwe za ukoo mmoja. Ukihesabu likizo pamoja na siku za mapumziko, basi na mwezi uhesabu pamoja na mapumziko yake, yaani 30. Ukihesabu likizo kwa siku za kazi tu, basi na mwezi uhesabu siku za kazi tu, yaani 26 kwa anayefanya siku sita kwa wiki.

Tazama mwaka mzima. Ukienda likizo ya siku 28, ndani yake mna mapumziko manne ya wiki, kwa hiyo siku ambazo ungekuwa kazini hasa ni 24. Kwa njia ya kwanza, 28 mara 19,500 ni 546,000. Kwa njia ya pili, 24 mara 22,500 ni 540,000. Tofauti ni elfu sita, haivunji nyumba. Lakini changanya koo uone. Siku 28 kwa ujira wa 22,500 inakuwa 630,000, hapo mfanyakazi anajiongezea. Siku 24 kwa ujira wa 19,500 inakuwa 468,000, hapo mwajiri anajipunguzia. Nimeona yote mawili, na mara nyingi si wizi, ni mtu tu amenakili jedwali la hoteli nyengine.

Mkataba wako unasema wazi kwamba mapumziko yamo ndani ya 28. Kwa hiyo 30. Ukipeleka 22,500 utawapa sababu ya kuitupa barua nzima kwa kosa moja.

MtuWaMrima

Sawa Bi, hapo kwenye 26 umenishika. Lakini hata ukigawa kwa 30 mbona 156,000 haitoki? 9 mara 19,500 ni 175,500.

Bi Mkokotoo

Vizuri, macho yako makali. Wamegawa 520,000 peke yake. 520,000 kwa 30 mara 9 ndiyo 156,000 juu ya alama. Pesa ya nyumba wameitoa.

FundiTaa, ulipokwenda likizo ya Septemba 2023, slipu ya mwezi ule ilisemaje? Nyumba ilikuwemo au ilikatwa?

FundiTaa

Nimeitafuta mpaka kwenye mfuko wa nguo za kazi. Septemba 2023: msingi 520,000, nyumba 65,000, usafiri haupo kwa sababu tunapandishwa gari la hoteli. Sikukatwa kitu, na nilikuwa likizo siku 12. Ile sevisi chaji ndiyo iliyokuja pungufu.

Bi Mkokotoo

Basi hiyo slipu iweke pahala pakavu. Mkataba unasema likizo ni "kwa malipo kamili," na wao wenyewe ulipokuwa likizo walikulipa 585,000. Hawawezi leo kusema malipo kamili ni 520,000. Sevisi chaji iache. Inategemea wageni na waliokuwa kazini mwezi ule, ukiiingiza utabishana mpaka Ramadhani.

Nahodha77

Ngojeni kidogo. Mimi nimewahi kuwa meneja wa hoteli, sasa nimestaafu, naomba nisimame upande wa pili maana huku wote munapiga makofi.

Kwanza, nyumba nyingi hulipa siku za likizo kwa mshahara wa msingi tu mtu anapoondoka. Bi Mkokotoo analijua hilo. Pili, hoteli za huku zinafungwa masika kila mwaka, na mwajiri ana haki ya kupanga likizo wakati hakuna kazi. Sisi tulikuwa tunawapeleka watu likizo Aprili na Mei kila mwaka na hakuna aliyelalamika. Tatu, kijana kalipwa Aprili kamili huku kakaa nyumbani kuanzia tarehe 15. Hesabu: 15 hadi 30 Aprili ni siku 16. Anadai siku ngapi za mwaka wa pili? 16. Alikaa nyumbani siku 16 kwa mshahara kamili. Kama hiyo si likizo, ni nini?

FundiTaa

Du. Hiyo 16 kwa 16 sikuwahi kuiona.

Bi Mkokotoo

Nahodha kaja na hoja yenye uzito, na afadhali uisikie hapa kuliko mbele ya msuluhishi.

Nakubaliana naye kwamba mwajiri anaweza kupanga likizo ya wote wakati wa masika. Lakini likizo ina kichwa na mkia. Mtu huambiwa, "Unakwenda likizo tarehe fulani, unarudi tarehe fulani, siku kadhaa zinatolewa kwenye zako." Anajaza fomu au anapewa barua. Tangazo hili halina hata neno likizo. Linasema "hadi watakapoitwa." Aliyeko likizo haitwi, anarudi siku yake ikifika. Huyu alikuwa anakaa na simu mkononi, hawezi hata kwenda Pemba kwa wazee wake, kwa sababu anaweza kuitwa kesho. Nahodha, nyinyi mulipokuwa mukiwapeleka watu likizo masika, hamukuwa mukiwapa barua?

Nahodha77

Tulikuwa tunawapa. Kila mtu na yake, na idadi ya siku.

Bi Mkokotoo

Ndiyo hapo. Mei nayo imewaumbua wenyewe. Likizo kwa mkataba huu ni ya malipo kamili, na Mei wamelipa nusu. Wakisema Mei ilikuwa likizo, basi wana deni la nusu nyengine, 292,500. Wakisema haikuwa likizo, basi ule ulikuwa ni mfungo wa hoteli, na mfungo ni ule ule mmoja ulioanza 15 Aprili kwa tangazo lile lile. Hauwezi kuwa likizo Aprili na kitu chengine Mei bila karatasi yoyote katikati.

Hata hivyo sikuhakikishii, mwanangu. Aprili walikulipa kamili na hukufanya kazi nusu ya mwezi, na msuluhishi anaweza kulitazama hilo kwa jicho la Nahodha. Hizo siku 16 ndizo zenye mzozo. Hizi 9 na theluthi hazina mzozo wowote.

Nahodha77

Na je, kitabu cha masharti ya kazi hakisemi siku zisizotumika zinapotea mwisho wa mwaka? Vingi vinasema hivyo.

FundiTaa

Kinasema. "Siku ambazo hazikutumika hadi mwisho wa mwaka wa likizo zitapotea isipokuwa kwa ruhusa ya meneja." Lakini mimi niliziomba. Tarehe 3 Juni, mara tu tulipoitwa, nilimwandikia mkuu wangu wa idara meseji kwamba nataka siku zangu 16 kabla mwaka haujaisha. Akanijibu, "Sasa hivi jenereta na viyoyozi vyote vinakusubiri, wageni wa Julai wanakuja, utachukua baada ya msimu." Meseji ipo.

Mpemba wa Wete

Hapo umewakamata mkia!

Bi Mkokotoo

Mwanangu, hii meseji ni bora kuliko kila kitu ulichotuonesha, na umeileta mwisho! Soma alichokujibu. Hakusema "siku gani, si umeshazitumia Aprili?" Amesema utachukua baada ya msimu. Tarehe 3 Juni, siku mbili baada ya kuitwa, mkuu wa idara alikuwa anajua kwamba siku 16 zipo. Hiyo inajibu hoja mbili pamoja, ya masika na ya kupotea, maana siku uliyoiomba ukanyimwa haikupotea mkononi mwako.

Ihifadhi yenye tarehe na jina kuonekana, ichapishe, na nakala ipeleke kwenye barua pepe yako. Simu zinadondoka kisimani.

Nahodha atasema mkuu wa idara si meneja. Aseme.

Nahodha77

Nilikuwa nakuja nalo hilo hilo, Bi. Ila nakiri, ningekuwa mimi meneja na nimeoneshwa meseji hiyo, ningelipa nikanyamaza.

Bi Mkokotoo

Haya, barua. Iwe ukurasa mmoja. Usiweke hasira, usiweke historia ya nani alikuchukia. Anayeikata hundi ni mhasibu, mwandikie mhasibu. Mimi ningeandika hivi, wewe geuza upendavyo:

> Kwa Meneja Mkuu,
>
> YAH: MALIPO YA SIKU ZA LIKIZO AMBAZO SIKUZITUMIA
>
> Nilikuwa mwajiriwa wenu, fundi umeme, kuanzia 1 Julai 2022 hadi 31 Oktoba 2024. Mkataba wangu unanipa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka kwa malipo kamili. Karatasi ya malipo ya mwisho niliyopewa inaonesha siku 9 kwa shilingi 156,000. Kwa hesabu yangu siku na ujira ni kama ifuatavyo:
>
> Julai 2023 hadi Juni 2024: siku 28, nilizotumia 12 (fomu ya Septemba 2023), zilizobaki 16.
> Julai hadi Oktoba 2024: 28 ÷ 12 × 4 = siku 9 na theluthi, nilizotumia hakuna.
> Jumla: siku 25 na theluthi.
>
> Ujira wa siku: (520,000 + 65,000) ÷ 30 = shilingi 19,500.
> Malipo: siku 25 na theluthi × 19,500 = shilingi 494,000 kabla ya kodi.
>
> Kipindi cha 15 Aprili hadi 31 Mei 2024 hoteli ilipofungwa sikupewa likizo. Tangazo la 12 Aprili halikutaja likizo, Mei nililipwa nusu mshahara, na tarehe 3 Juni niliomba siku zangu 16 nikajibiwa nisubiri baada ya msimu. Ikiwa munazo fomu za likizo zilizosainiwa nami kwa kipindi hicho naomba nakala zake.
>
> Naambatanisha mkataba, slipu za Septemba 2023, Aprili na Mei 2024, tangazo, na nakala ya ujumbe wa 3 Juni. Naomba malipo au jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Ile sentensi ya kuomba nakala za fomu usiiondoe. Wasipokuwa nazo, ukimya wao ndio utakaokusemea. Chapisha nakala mbili, moja waigonge muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Wakikataa muhuri, itume pia kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

MtuWaMrima

Bi, nimepiga 25.33 mara 19,500 nimepata 493,935. Imepungua shilingi 65.

Bi Mkokotoo

Kwa sababu 25.33 si theluthi, umeikata. Piga 76 mara 19,500 kisha gawa kwa 3. Shilingi 65 siku hizi hainunui hata andazi, lakini mhasibu wao akiona hesabu haifungi ataanza kutilia shaka na nyengine.

Shuwari

Na kodi? Inakatwa kwenye hizo pesa?

Bi Mkokotoo

Inakatwa, ni kipato cha kazi kama mshahara, inakwenda TRA. Ndiyo maana nimeandika "kabla ya kodi." Akipokea pungufu aangalie kwanza makato kabla hajaja kuwatukana humu.

FundiTaa

*Wiki mbili na ushee baadaye.* Wanajukwaa nimerudi. Barua niliipeleka Jumatatu ile, muhuri wakagonga baada ya kunisimamisha kaunta dakika arubaini. Jibu limekuja jana kwa barua pepe. Mwaka wa tatu wamekubali wote, pamoja na pesa ya nyumba na ile theluthi: 182,000. Zile 16 wamekataa. Wameandika kwamba "kipindi cha Aprili kilikuwa likizo ya pamoja ya wafanyakazi wote." Fomu nilizoomba hawakuzitaja kabisa, wala meseji ya Juni hawakuigusa. Na wanasema nikachukue hundi ya 182,000 nikisaini ile ile karatasi ya "sina madai mengine."

Nichukue au nisichukue? Nyumbani hali ngumu kidogo, sifichi.

Nahodha77

Chukua kijana. Shilingi 312,000 utazipata lini? Nenda rudi ya daladala mpaka mjini, siku unazopoteza ungekuwa umeshapata kibarua pengine.

Bi Mkokotoo

Pesa wanazokubali wenyewe kwamba ni zako hazifai kuwekewa mtego. Waandikie mistari miwili: umekubali kupokea 182,000 za kipindi cha Julai hadi Oktoba 2024, na siku 16 za mwaka uliotangulia, shilingi 312,000, bado unazidai. Ukifika kaunta sema utasaini risiti ya 182,000, si ile karatasi. Wakilazimisha ile karatasi, andika kwa mkono wako juu ya saini: "Nimepokea 182,000 kwa sehemu, siku 16 bado nadai," tarehe, saini, piga picha kabla hujairudisha. Wakikataa na hilo usisaini, na hilo la kukuzuilia pesa waliyoikubali lieleze Kamisheni.

Na Kamisheni usingoje mpaka hundi itoke. Madai ya kazi yana muda wake, kila wiki unayokaa ni wao wanaofaidika. Beba kila karatasi, na barua pepe yao ya jana ichapishe, maana humo wamesema "likizo ya pamoja," na tangazo lao lenyewe halisemi hivyo.

FundiTaa

Sawa Bi. Hundi nakwenda Ijumaa asubuhi kabla ya sala, Jumatatu Kamisheni. Kuna wenzangu wanne wa idara ya usafi nao wameachishwa, wote wamesaini ile karatasi siku ile ile. Wao wana njia yoyote?

Bi Mkokotoo

Walipewa nakala? Na walisomewa kwa Kiswahili au iliandikwa Kiingereza? Waulize hayo mawili kwanza, kisha njoo.

Mpemba wa Wete

Na michango yao ya ZSSF waangalie!